Hakuna pasti pepa ya kesho

Neno "pasti pepa" limegeuzwa shuka la kufunikia kila karatasi yenye maswali. Anayefanya mtihani wa miaka mitano iliyopita anasema anapiga pasti pepa. Anayetumiwa usiku picha za mtihani wa asubuhi naye anasema anapiga pasti pepa, na ukimhoji anakujibu, "Si maswali tu? Tofauti iko wapi?"

Pasti pepa ni karatasi ya mtihani ambayo kazi yake ya kupima imekwisha: waliopaswa kuufanya wameufanya, mwenye mtihani ameitoa, na haitatumika tena kumpima mtu. Karatasi iliyovuja ni ile iliyomfikia mtahiniwa huku kazi hiyo ikiwa bado. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Kinachowapoteza watu ni neno "pasti", kwa sababu linawafanya waangalie kalenda peke yake.

Afadhali tuanze na kitenzi cha Kiswahili, maana chenyewe kinaeleza vizuri zaidi. Paa huvuja, mtungi huvuja, siri huvuja. Maji ya mtoni hayavuji, hata yatiririke vipi, kwa kuwa hayakufungiwa popote. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kitu kimevuja, usiyachunguze maji, chunguza chombo: je, yalipaswa kuwa bado ndani? Maswali ya karatasi iliyovuja na ya pasti pepa yanaweza kufanana neno kwa neno. Swali la leo lililovuja litakuwa swali halali la mazoezi baadaye, likishatolewa. Kilichobadilika ni hali ya chombo.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kitenzi: mtihani hauvuji wenyewe kama bati lililooza. Kuna mtu aliyefungua bahasha kabla ya saa, aliyepiga picha, aliyetuma. Kitendo chake ni kuvujisha, na anayepokea kwa makusudi yumo katika mnyororo huo huo. Tunaposema "mtihani umevuja" tunamwondoa mtu kwenye sentensi, halafu tunashangaa wanafunzi wakiliona jambo lenyewe kama mvua, kwamba limenyesha tu na wao wakalowa.

Sasa kalenda. Mitihani iko ya namna mbili, na mkanganyiko mwingi huzaliwa hapa. Namna ya kwanza hutungiwa karatasi mpya kila msimu. Ikishafanywa na kutolewa, imekuwa pasti pepa, hakuna ubishi. Lakini "ikishafanywa" maana yake na watahiniwa wote. Mitihani ya kimataifa hufanyika katika nchi ambazo saa zake hazilingani, na kwa aliyetoka chumbani asubuhi upande mmoja wa dunia karatasi imepita, ila kwa ambaye bado yuko kitandani upande mwingine haijapita. Mwezi Mei 2024 hili lilitokea kwa mitihani ya hisabati ya IB, programu ya kimataifa ya sekondari: waliomaliza mapema walisambaza maswali mtandaoni huku wenzao hawajaingia. Ndiyo maana IB inawakataza watahiniwa kuzungumzia yaliyomo kwenye mtihani nje ya shule yao kwa saa 24. Baraza la mitihani la Cambridge, kwa upande wake, hutumia matoleo tofauti ya karatasi kwa maeneo tofauti.

Namna ya pili ndiyo inayowachanganya hata wasomi. Kuna mitihani, hasa ya lugha, ya kuingilia vyuo na ya vyeti vya kompyuta, isiyotungiwa karatasi mpya kila mara. Maswali yamo katika benki, na kila mtahiniwa huchotewa baadhi. Swali ulilokutana nalo wewe leo linaweza kumkuta mwingine baada ya miezi mitatu. Kwa mtihani wa aina hii, kukusanya maswali kwa kuyakumbuka na kuyaandika tena baada ya kutoka ni kuvujisha, ingawa kila swali limeshaulizwa. Mwaka 2002 ETS, shirika la Marekani linalotunga mitihani, liligundua tovuti za Kichina na Kikorea zilizojaa maswali ya GRE, mtihani wa kuingilia shahada za juu, yaliyokumbukwa na watahiniwa. Likasimamisha mtihani wa kompyuta China, Taiwani na Korea Kusini, likarudisha wa karatasi. Aliyesema "lakini hayo ni maswali ya zamani" alikuwa sahihi kuhusu tarehe na amekosea kuhusu maana. Kwa mtihani wa benki, pasti pepa ni ile tu aliyoitoa mwenyewe mwenye mtihani kama mazoezi.

Kuna pia kundi dogo la katikati. Baadhi ya mabaraza huzifungia karatasi za msimu wa karibuni kwa miezi kadhaa zionwe na walimu tu, ili shule ziwe na mtihani mpya wa majaribio. Mwanafunzi anayeipata karatasi hiyo kwa mlango wa nyuma hajaiba mtihani mkuu, kwa kuwa ule umeshapita; ameuvujisha mtihani wa majaribio wa shule yake, na mwalimu atasoma alama zisizomwambia ukweli.

Kwa nini tofauti hii iwe na uzito kwa anayesoma, ukiacha adhabu? Kwa sababu mtihani ni kionjo, si chungu kizima. Chukua silabasi yenye mada 40, na mtihani unaouliza 10 tu. Mwanafunzi anayezimudu mada 24 amemudu asilimia 60 ya somo, na karatasi asiyoijua itampa takribani 6 kati ya 10. Kionjo kimesema kweli kuhusu chungu. Mpe sasa karatasi iliyovuja. Kati ya maswali 10, tuseme 6 anayaweza tayari. Usiku huo atakariri majibu ya 4 yaliyobaki, na kesho atapata 10 kati ya 10. Hata tukimkirimu tukasema hizo mada 4 amezielewa kweli, anajua 28 kati ya 40, yaani asilimia 70, huku cheti kikisema 100. Mada 12 zilizobaki hazijaguswa, na darasa linalofuata litajengwa juu yake.

Anayefanya pasti pepa hana njia hiyo ya mkato. Hajui zipi 10 zitakuja, hivyo kila karatasi inamlazimisha kuzunguka silabasi nzima. Hata anayebashiri maswali kwa kutazama mada zinazojirudia hajavujisha kitu. Anacheza bahati nasibu, na mara nyingi humgharimu, lakini ubashiri umetoka kwenye karatasi zilizokwisha kazi.

Tazama swali moja dogo la aljebra la alama 2: tafuta x ikiwa 2(x − 3) = 10. Mwanafunzi ameandika 2x − 3 = 10, akapata x = 6.5. Jibu sahihi ni 8. Akiwa anafanya pasti pepa kwa njia inayofaa, hafungui mwongozo wa usahihishaji mpaka amalize karatasi nzima kwa muda wake. Akifungua ataona alama ya njia imetengwa na alama ya jibu, na kwamba yake ya njia imepotea pale mabano yalipofunguliwa: hakuzidisha 3 kwa 2. Anachoandika pembeni si "jibu ni 8" bali "kufungua mabano". Anarudi kitabuni, anafanya maswali matano au sita ya mabano, na baada ya wiki mbili analirudia lile bila kuangalia. Msimu ujao mtahini akiuliza 3(x + 2) = 21, ataandika 3x + 6 = 21 na kupata 5.

Aliyelipata swali hilo likiwa limevuja ana habari moja tu, nane. Ikitokea karatasi imebadilishwa dakika za mwisho, jambo ambalo mabaraza hufanya yanapogundua uvujaji, ile nane haina pa kukaa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaopinga uvujaji husahau. Kuna watu wanaotumia pasti pepa halali kana kwamba zimevuja: swali mkono huu, mwongozo wa majibu mkono ule, na macho yanahama kila baada ya dakika. Huo si udanganyifu, na asiitwe mdanganyifu. Ni usomaji mbovu tu, na hasara yake inafanana: karatasi ikishaonwa na majibu yake haiwezi tena kukupima. Ndiyo sababu ya kuziweka karatasi mbili au tatu za karibuni kabisa bila kuzigusa mpaka wiki za mwisho, na kuanza na za zamani.

Na mtu akikuletea karatasi hujui ni ipi? Soma chini ya ukurasa kabla ya kusoma swali la kwanza. Karatasi za Cambridge, kwa mfano, hubeba msimbo kama huu:

```
0580/42/M/J/19
```

0580 ni namba ya somo, hapa hisabati. 42 ni karatasi ya 4, toleo la 2. M/J ni msimu wa Mei na Juni. 19 ni mwaka 2019. Msimbo wa msimu uliopita, ukiwa umetolewa na baraza lenyewe au na mwalimu wako, ni pasti pepa. Msimbo wa msimu unaoendelea, au ukingo uliokatwa ili msimbo usionekane, si wa kuendelea kusoma: usiusambaze hata kwa kuuliza "jamani, hii ni ya kweli?", mpelekee mwalimu au msimamizi wa mtihani. Mara nyingi wauzaji huchukua karatasi ya zamani, wakafuta mwaka, wakaiuza kama ya kesho. Mnunuzi hapo amelipia pasti pepa ya bure, ingawa nia yake ilikuwa nyingine.

Kwa hiyo unaposema "nina pepa", malizia sentensi: ya mtihani gani, msimu gani, imetolewa na nani. Ukiweza kuyajibu hayo matatu, sema pasti pepa bila wasiwasi. Ukishindwa kujibu la tatu, ngoja kwanza kuiita hivyo.