Fuso moja, mafungu matatu: dhana potofu kwenye jaribio la mtiririko wa fedha

Nafundisha uhasibu jioni hapa Mbeya, na kila muhula huwapa wanafunzi jaribio fupi la taarifa ya mtiririko wa fedha: miamala kumi, na kando ya kila mmoja waandike U kwa uendeshaji, W kwa uwekezaji au G kwa ugharamiaji. Linaonekana jepesi, lakini wengi huteleza palepale, kwenye habari ya Fuso.

Kisa chenyewe nimekitunga hivi. Kinu cha kukoboa mpunga kule Ubaruku, Mbarali, kina Fuso lililonunuliwa kwa milioni 60. Uchakavu uliokwisha kukatwa ni milioni 38, kwa hiyo vitabuni limebaki na thamani ya milioni 22. Limeuzwa milioni 27, taslimu.

Dhana potofu: ile faida ya milioni 5 ni fedha ya uendeshaji, kwa kuwa imo kwenye faida ya mwaka.

Ukweli ni kwamba mnunuzi hakuleta mabunda mawili, moja la thamani ya lori na jingine la faida. Alileta milioni 27, na zote ni za uwekezaji. Faida ya milioni 5 ni tofauti ya hesabu tu kati ya bei na thamani ya vitabuni. Kwa sababu imeshaingizwa kwenye faida ya mwaka, lazima tuitoe kule juu, kwenye fungu la uendeshaji.

Tuseme faida ya mwaka ni milioni 40, uchakavu wa mwaka ni milioni 12, na hakuna kingine cha kurekebisha. Fedha ya uendeshaji ni 40, ongeza 12, toa 5: milioni 47. Uwekezaji ni 27. Jumla 74. (Uchakavu tunaurudisha kwa kuwa ulipunguza faida bila shilingi kutoka mfukoni. Yupo kila mara anayedhani uchakavu umeleta fedha!)

Anayesahau kutoa ile 5 atapata 52 na 27, jumla 79, na salio la mwisho litagoma kulingana na la benki. Huyo simwonei huruma sana, maana hesabu yenyewe inampigia kelele. Wa hatari ni yule anayeandika 52 kwenye uendeshaji na 22 kwenye uwekezaji. Jumla yake ni 74 na salio linalingana kabisa. Anafunga daftari akiwa na amani, kumbe kinu kinaonekana kimepata kwenye mchele fedha iliyotokana na kuuza lori. Salio kulingana halithibitishi kwamba mafungu yamepangwa sawa.

Dhana potofu: lori ni W, basi.

Hapana. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayenunua malori yaliyotumika na kuyauza, kwake lori ni bidhaa kama gunia la mchele lilivyo kwa kinu. Akilinunua au akiliuza, ni uendeshaji. Kwa hiyo kabla ya kuandika herufi, soma swali linamzungumzia nani.

Dhana potofu: lori jipya la milioni 90 linaandikwa 90 kwenye uwekezaji.

Kinu kimelipa taslimu milioni 30, na muuzaji mwenyewe amekubali 60 zilipwe kidogo kidogo. Mwaka huu kwenye uwekezaji inaingia 30 tu. Zile 60 hazijatoka popote, kwa hiyo hazionekani kwenye taarifa, bali zinaelezwa kwenye maelezo ya hesabu. Baadaye kila rejesho likilipwa, sehemu inayopunguza deni inakwenda ugharamiaji, hata kama kilichonunuliwa ni lori. Wanafunzi hubishana nami sana hapa: “Lakini mwalimu, si tunalipia gari?” Gari mlishalipata. Sasa mnamlipa aliyewakopesha.

Dhana potofu: riba ina jibu moja duniani kote.

Rejesho la milioni 2.5 lina milioni 2 za deni na laki tano za riba. Zile 2 ni G, hakuna ubishi. Hizo laki tano ndizo zenye kesi. IAS 7, kiwango cha kimataifa cha taarifa ya mtiririko wa fedha, imeiachia kampuni ichague uendeshaji au ugharamiaji, mradi isibadilishe mwaka hadi mwaka. Kanuni za Marekani zinaiweka kwenye uendeshaji, na ndiyo maana aliyejifunza kwa maswali ya Kimarekani mtandaoni huapa kwamba jibu ni U. IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa, nayo kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2027 na kuendelea, inaondoa uchaguzi huo kwa kampuni za kawaida zinazofuata viwango kamili: riba iliyolipwa inakwenda ugharamiaji. Benki zina utaratibu wao.

Kwa hiyo swali la riba sasa naliandika na sentensi moja ya ziada: “Kinu kinafuata IAS 7 na kimechagua kuweka riba iliyolipwa kwenye ugharamiaji.” Anayeiruka sentensi hiyo huandika U, na alama inakwenda.