Gramu 6 za klorini kwenye simtanki, halafu?

Wanafunzi wa afya mazingira hapa Dodoma, kuna swali linaonekana jepesi ila linakula maksi. Mgahawa wa Majengo una simtanki la lita 2000, maji kaleta mtu wa boza, dozi ni miligramu 2 kwa lita, klorini ni HTH yenye nguvu ya asilimia 65, je uweke kiasi gani? Lita 2000 mara 2 unapata miligramu 4000, yaani gramu 4 za klorini yenyewe, gawanya kwa 0.65 unapata gramu 6.15 za HTH. Unaikoroga kwanza kwenye ndoo ya maji, unaacha masimbi yatulie, unamimina yale ya juu kwenye tangi na kuchanganya vizuri, halafu unasubiri angalau nusu saa.

Wengi wanaishia hapo, na mimi ndo hapo naona swali linaanza, maana dozi ni ulichoweka, ila kinacholinda maji ya kuoshea kachumbari ni klorini huru iliyobaki. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya hiyo nusu saa, pH ikiwa chini ya 8, na isishuke chini ya 0.2 pale maji yanapofika kwa mtumiaji. Kwa hiyo pima pia maji ya bomba la jikoni, usipime tangi peke yake.

Sasa tuseme umechota maji, umetia kidonge cha kupimia klorini, DPD namba 1, rangi ya pinki imetokea kwa mbaaali, inasoma 0.1. Kwenye kichupa hichohicho ongeza namba 3, inapanda hadi 1.2. Ya kwanza ni klorini huru, ya pili ni jumla, tofauti yake 1.1 imeshajifunga na amonia na uchafu na haiui vijidudu kwa kasi ile. Ile 0.8 iliyobaki kwenye dozi ya 2 imeliwa kabisa. Maji haya yanaweza kunuka klorini kali na mwenye mgahawa akakuapia yametibiwa, lakini harufu hiyo mara nyingi inatokana na hiyo iliyojifunga, usimpitishe kwa pua.

Hapo usikimbilie kuongeza HTH, fungua mfuniko uangalie chini, ukikuta tope ndo linakula dozi na bakteria wanajificha humo humo, basi tangi limwagwe, lisuguliwe, lijazwe upya, lipewe dozi na kupimwa tena.

Mtego mwingine ni kichupa kubaki cheupe kabisa. Usiandike sifuri harakaharaka, kwa sababu klorini ikizidi sana inaifuta rangi ya DPD. Chukua sehemu 1 ya sampuli, ongeza sehemu 9 za maji yaliyosafishwa yasiyo na klorini, pima upya, pinki ikitokea zidisha jibu mara 10.