Ukurasa mmoja wa kuomba bajeti: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Dhana: Anza na historia ya shirika na matatizo ya mkoa.

Mkurugenzi wako anaishi Bukavu kama wewe, na giza la SNEL analijua. Mistari mitatu ya kwanza anaisoma akitafuta kiasi, kazi yake na siku ya mwisho ya kujibu. Tuseme ofisi ya watu sita pale Kadutu imechoka na jenereta. Iandike hivi: "Tunaomba dola 1,900 kutoka fungu la uendeshaji, kununua na kufunga sola ya kompyuta sita na modemu. Bei ya proforma inaisha tarehe 15 Machi." Tarehe hiyo isiwe ya kubuni, mhasibu ataiangalia.

Dhana: Taja bei ndogo ili ombi lipite, mengine yatajulikana mbele.

Hapa ndipo maombi mengi hufa, tena yale mazuri. Anayeandika anaweka bei ya paneli na betri, anasahau usafiri, nyaya na fundi, kisha miezi miwili baadaye anarudi kuomba nyongeza. Ombi lake la tatu halisomwi kabisa.

Fungua daftari la matumizi la miezi sita iliyopita. Ukikuta esansi na matengenezo ya jenereta vinakula dola 180 kwa mwezi, usiandike kwamba zote zitaokolewa. Jenereta itabaki kwa siku za mawingu na kwa mashine ya fotokopi. Iwekee dola 40. Betri nazo huchoka, kwa hiyo tenga dola 15 kila mwezi za kuzibadilisha. Inabaki akiba ya 125. Gawa 1,900 kwa 125: mtambo unarudisha pesa yake katika mwezi wa 16. Ungeficha betri na jenereta ungepata miezi 11, hesabu tamu ambayo mhasibu anaivunja kwa swali moja.

Dhana: Usitaje njia nyingine, utawachanganya.

Wataifikiria tu, hata usipoiandika. Weka mstari mmoja wa kubaki na jenereta: dola 2,160 kwa mwaka, na mwaka unaofuata vilevile.

Dhana: Kazi yote iko kwenye kikao.

Mwone mhasibu siku chache kabla, umuulize fungu limebaki na kiasi gani. Akisema 1,200, ombi la 1,900 litakataliwa hata likiwa safi namna gani. Afadhali uligawe: kwanza betri na inverta yenye chaja, vinavyojazwa na SNEL umeme unaporudi, halafu paneli robo ijayo. Ila andika wazi kwamba katika awamu ya kwanza akiba itakuwa ndogo, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili mfululizo, mtarudi kwenye esansi.