Baruapepe ya kupendekeza mpangilio wa waandishi wa makala

Mpangilio wa waandishi ni mfuatano wa majina chini ya kichwa cha makala ya utafiti. Katika sayansi za viumbe na afya, jina la kwanza ni la aliyebeba sehemu kubwa ya kazi, la mwisho kwa kawaida ni la msimamizi, na ya katikati hufuata uzito wa mchango. Wanahisabati na wanauchumi mara nyingi hupanga kwa alfabeti. Jina la kwanza hugombewa kwa sababu makala yenye waandishi wengi hunukuliwa kwa jina hilo tu, likifuatiwa na "na wenzake".

Swali la nani ni mwandishi hutangulia swali la nani atangulie. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne, na yote lazima yatimizwe: mchango wa maana katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua; kuandika au kurekebisha rasimu kwa hoja; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi, wala kuazimisha maabara. Hao hutajwa kwenye shukrani, kwa ridhaa yao.

Chukua kikundi kilicholinganisha dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye vichanja katika mwalo wa Igombe, Mwanza. A alibuni swali na kuandika rasimu. B alikaa mwaloni akichukua sampuli. C alichambua data. D ni msimamizi. E aliazimisha tanuri ya kupimia unyevu.

Ugomvi hapa utakuwa kati ya B na C. Wengi humshusha B wakisema alikusanya tu. Lakini B ndiye aliyeamua kila sampuli itoke kwenye mtumbwi mmoja na usiku mmoja, kisha igawanywe nusu mchangani, nusu kichanjani. Bila uamuzi huo, tofauti ya unyevu ingeweza kutokana na dagaa wenyewe, si namna ya kuwakausha, na uchambuzi wa C usingekuwa na la kusema. Huo ni mchango wa kiakili. Angekuwa amefuata tu maelekezo ya A, ningemweka C mbele yake.

Baruapepe ya A inaweza kusomeka hivi:

"Yah: Pendekezo la mpangilio wa majina, makala ya dagaa

Shikamoo Daktari, na wenzangu habari za kazi.

Kabla rasimu haijaenda mbali, napendekeza mpangilio huu: A, B, C, D. Mimi nimebuni swali na kuandika rasimu ya kwanza. B amepanga namna ya kuchukua sampuli, amezikusanya, na ataandika sehemu ya mbinu. C amefanya uchambuzi na ataandika matokeo. Daktari amesimamia hatua zote na atapitia rasimu. E tumtaje kwenye shukrani. Nitamwomba ridhaa mwenyewe.

Nikikosea kueleza kazi ya yeyote, naomba anisahihishe kwa kujibu wote, au aniandikie mimi na Daktari kama ni jambo la faragha. Naomba kila mmoja ajibu kufikia Ijumaa ijayo, hata kama anakubali. Majukumu yakibadilika kabla ya kutuma, tutajadili upya.

Wenu, A"

Ona kwamba kila jina limeambatana na kazi, si cheo wala umri wa kukaa kwenye mradi. Mtu anaweza kubishia sentensi moja bila kumbishia mtu. Pia B na C wamepewa sehemu za kuandika, na hilo ni la haki hasa: ukimnyima mkusanya data nafasi ya kugusa rasimu, unamkosesha sharti la pili, kisha unamtoa kwa sababu hajalitimiza.

Kosa linalovuruga zaidi ni kuchukulia ukimya kuwa ridhaa. Mwanafunzi hawezi kwa urahisi kumpinga msimamizi mbele ya wote, ndiyo maana njia ya faragha imewekwa. Na kama mgogoro ni na msimamizi mwenyewe, mlango huo haumfai. Atafutwe mhadhiri mwingine wa idara asiye na jina kwenye makala. Kosa jingine ni kusubiri. Makala ikishatumwa, majarida mengi hudai idhini ya maandishi ya waandishi wote ili kuongeza, kuondoa au kuhamisha jina, na asiyepatikana huzuia kila kitu.

B na C wakilingana kabisa, tanbihi ya "walichangia sawa" inakubalika katika majarida mengi. Haibadilishi jina linalotangulia, kwa hiyo bado mnahitaji kukubaliana nani aanze.

Mwandishi wa mawasiliano, yaani anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake, ni jambo la pembeni, si lazima awe wa kwanza. Achaguliwe mwenye anwani ya baruapepe itakayodumu, maana baadhi ya anwani za chuo hufungwa watu wanapohitimu, na barua za wahariri huishia huko.