Tani za meli: ni za nini hasa?

Hapa Kisumu, tangu shehena ya Uganda ianze kurudi ziwani, kuna sentensi inayorudiwa na mawakala wa forodha, wenye malori na hata waandishi wa habari: "Meli hii ni ya tani 1,200, kwa hiyo inabeba mzigo wa tani 1,200." Anayeisema huwa anapanga malori mangapi yabaki nyumbani, na hesabu yake ikianzia hapo itakuwa na kasoro kabla behewa la kwanza halijaingia melini.

Maana yenyewe ni fupi. Meli ina tani za aina tatu. Kuna uzito wa meli nzima inapoelea, chuma chake na vyote vilivyomo. Kuna uwezo wa kubeba, yaani uzito wote unaoweza kuongezwa juu ya meli tupu hadi maji yafike kwenye mstari wake wa mwisho ubavuni. Halafu kuna tani za ujazo, ambazo si uzito hata kidogo. Zamani Ulaya meli ilipimwa kwa idadi ya mapipa ya mvinyo inayoweza kupakia, na kutoka kwenye pipa hilo ndiko jina "tani" lilikotoka. Baadaye tani moja ya usajili ikawekwa kuwa futi za ujazo 100. Kwa hiyo cheti kinaweza kuandika tani kadhaa ambazo hazihusiani na kilo hata moja ya mzigo wako. Ukisoma namba hiyo ukadhani ni shehena, umesoma ukubwa wa nyumba ukadhani ni idadi ya magunia.

Lakini kinachowapotosha watu zaidi ni ile ya pili, uwezo wa kubeba, kwa sababu inafanana sana na mzigo. Uwezo wa kubeba unajumlisha kila kitu kisichokuwa meli tupu: dizeli ya injini, maji ya kunywa, mabaharia na vitu vyao, vipuri, maji ya uzani yanayowekwa chini ili meli isimame sawa. Na kwa meli ya kubeba mabehewa, kama MV Uhuru iliyojengwa Uskoti miaka ya 1960, kuna jambo jingine kubwa: behewa lenyewe ni mzigo. Meli haijui kwamba wewe unalipwa kwa mafuta tu. Inahisi chuma cha behewa, magurudumu yake na tangi lake sawasawa na mafuta yaliyomo.

Tuchukue meli ya mfano, nisiitaje yoyote kwa jina. Uwezo wake wa kubeba ni tani 1,200, na sitaha yake ina reli za kuegesha mabehewa 22. Mafuta ya injini, maji na mengine ya safari ya kwenda Port Bell na kurudi yanachukua tani 90. Zimebaki 1,110. Kila behewa la tangi likiwa tupu lina tani 18, na limejazwa dizeli tani 40, kwa hiyo linaingia melini na tani 58. Mabehewa 22 ya namna hiyo ni tani 1,276, ambazo zimepita zilizobaki kwa tani 166. Mabehewa 19 ni tani 1,102, nayo yanaingia. Kwa hiyo meli "ya tani 1,200" inaondoka na dizeli tani 760, na nafasi tatu za mabehewa zimebaki wazi.

Nafasi hizo tatu ndizo huleta ugomvi gatini. Mteja anasimama, anaona reli tupu, anauliza kwa nini mabehewa yake yameachwa nyuma. Sitaha humwonyesha mtu eneo tu. Uzito unaonekana ubavuni, pale kwenye namba zilizopakwa rangi kwenye omo, katikati na kwenye tezi, zinazoonyesha meli imezama kiasi gani. Namba hizo ndizo mizani ya meli, kwa kuwa majini hakuna mizani kama ile ya Gilgil ya kupandishia lori na kusoma ekseli. Meli ya mfano wetu, yenye urefu wa mita 90 hivi na upana wa mita 16, huzama sentimita moja kwa karibu kila tani 12 zinazoongezwa. Behewa moja lililojaa ni sentimita tano hivi. Ukilazimisha yote 22, utakuwa umepita mstari kwa sentimita kama 14.

Mtu atasema sentimita 14 ni nini. Ni sehemu ya ubavu mkavu ambayo mhandisi aliihesabu ili wimbi likija, meli iinuke badala ya maji kupanda sitahani. Upepo wa usiku huinua mawimbi upande wa ziwa kuu, nje ya Ghuba ya Winam, na meli ya mabehewa ina mlango mpana wa kupakilia ambao hauko juu sana ya maji. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, ikiwa imebeba kupita kiwango chake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Ilikuwa kivuko kidogo cha abiria, si meli ya mabehewa, lakini mstari ubavuni una maana ileile kwa zote mbili.

Mpangilio nao una neno. Tani 1,102 zilezile zikiingizwa kwenye reli za kushoto kwanza, meli inainama kabla haijafika popote karibu na mstari. Ndiyo maana mabehewa huingizwa kwa zamu, kulia kisha kushoto, na afisa wa meli hurudi kusoma namba za pande zote mbili kila baada ya kuingizwa mabehewa kadhaa. Upakiaji ukionekana wa polepole, mara nyingi kinachoendelea ni usomaji huo. Ratiba huanzia hapo, kwani meli haiwezi kuahidi saa ya kuondoka kabla ya kujua mabehewa mangapi yamefika kwa reli kutoka Nakuru na yana uzito gani. Yakija yakiwa na uzito tofauti na karatasi, hesabu inaanza upya.

Mara nyingine kizuizi hakitoki ubavuni bali chini. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na kina cha ziwa hupanda na kushuka. Mwaka ambao maji yamepungua, nahodha anaweza kukataa behewa la 19 ingawa mstari bado unaruhusu, kwa sababu meli ikizama zaidi itagusa tope. Siku hiyo uwezo kwenye cheti ni uleule, na mzigo ni mdogo zaidi.

Faida ya ziwa haiondoki kwa kusema haya. Dizeli tani 760 ni karibu lita 900,000, yaani malori 25 hivi yenye ekseli saba ambayo hayatapanga foleni Busia. Ila mteja aliyeahidiwa tani 1,200 atahesabu malori karibu 40, na 15 kati yake yatahitajika barabarani usiku huohuo bila mtu kuyaandaa.

Kwa hiyo ukitoa bei au tangazo la shehena, andika hivi: uwezo wa kubeba ni tani 1,200, mzigo wa dizeli kwa mabehewa ya tangi, safari ya Port Bell, hadi tani 760, kutegemea kina cha siku hiyo. Na mtu akikwambia meli ni ya tani fulani, muulize kwa upole kama ni tani za ujazo, za uwezo wa kubeba, au za mzigo. Mara nyingi atalazimika kumpigia mtu simu ili ajue.