Tumbo linaloharisha halifungishwi

"Mwanangu wa mwaka mmoja anaharisha. Bibi yake hapa Uyole anasema nisimpe chakula, tumbo lipumzike. Nifanyeje?"

Mlishe, dada. Utumbo wake bado unafyonza chakula, na hicho ndicho kinachouponya. Koroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila akiharisha, mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Ziwa usikatishe. Mara tu akiweza kula, anza na uji wa ulezi, halafu viazi vya kuponda na parachichi, kisha ugali na maharage ya nyumbani. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Macho yakizama, akishindwa kunywa au akitoa damu, mpeleke kituo cha afya mara moja.