Mfumko ukishuka, bei huenda wapi?

"Redio inasema mfumko wa bei umeshuka. Mbona viazi vya Molo bado ni ghali hapa Kibuye?"

Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Lori linalotoka Nakuru kuelekea Mau Summit likipunguza mwendo, bado linapanda mlima. Mfumko ndio huo mwendo. Bei ni kimo ambacho lori limefikia. Mfumko wa Kenya ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, na 2.7 Oktoba 2024. Mara zote mbili, bei kwa jumla zilikuwa juu kuliko mwaka uliotangulia. Ili zirudi chini, mfumko ungehitaji kupita sifuri kwenda chini.

Jaribu na gunia moja la viazi. Mwaka wa kwanza linauzwa shilingi 3,000, wa pili 3,300, wa tatu 3,366. Mfumko wake umetoka asilimia 10 hadi 2, na mnunuzi hajapunguziwa hata shilingi. Kurudi 3,000 kunataka bei ishuke kwa karibu asilimia 11.

Kodi huonyesha jambo hili vizuri zaidi. Julai 2023 serikali ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Dizeli jijini Nairobi ilitoka shilingi 167.28 hadi 179.67 kwa lita. Hilo ni ongezeko la asilimia 7.4, si 8, kwa kuwa bei ya zamani tayari ilikuwa na kodi ndani yake: gawa 1.16 kwa 1.08 utaipata.

Sasa tuseme hakuna kingine kilichobadilika. Kwa kuwa bei ya kila mwezi hulinganishwa na ya mwezi kama huo mwaka uliopita, mfumko wa dizeli ungesoma 7.4 kwa miezi 12 mfululizo. Julai 2024 ungesoma sifuri ghafla, kwa sababu sasa bei zote mbili zinazolinganishwa zina kodi mpya. Mwenye lori angeendelea kulipa 179.67 ileile.

Kupanda huko kwa mara moja ni kama ngazi moja, na Benki Kuu haiwezi kuiondoa. Ilipopandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 Desemba 2023, ilifanya mikopo iwe ghali zaidi ili pesa zisiongezeke haraka na ngazi moja isizae nyingine kupitia nauli, mishahara na bei za madukani. Cha kushangaza ni kwamba kodi yenyewe huweza kusaidia kazi hiyo: shilingi iliyoishia kwenye dizeli haipo tena mfukoni mwa mnunuzi kununua kitu kingine sokoni. Ila kupima nguvu ya kodi peke yake kwa mwaka 2023 ni vigumu, maana shilingi ilikuwa inadhoofika dhidi ya dola wakati huohuo, na kufikia Septemba mwaka huo dizeli ilikuwa imepanda tena hadi kupita 200.